Kahawa Iliyoitwa Mbovu

Salesio alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa cha Kariru, upande wa juu wa Embu, lakini hakuwa Mwembu. Kwao kulikuwa Imenti, huko Meru. Alikuja mwaka wa hamsini na tatu kwa sababu chama cha wakulima kilihitaji mtu anayejua hesabu na mwandiko mzuri, naye alikuwa amefika darasa la saba kwa mapadri. Alidhani angekaa msimu mmoja, halafu ahamie kiwanda cha kwao. Sheria za hali ya hatari zikakaza. Mmeru, Mwembu au Mkikuyu hakuweza kuvuka kutoka wilaya moja hadi nyingine bila pasi, na pasi ilianzia kwa hedimani, mkuu wa eneo aliyewekwa na serikali. Kufikia mwanzo wa mwaka wa hamsini na saba, Salesio alikuwa hajaiona nyumba ya mama yake kwa miezi kumi na minne.

Alilala katika chumba cha mbao kilichogusana na ofisi. Kitanda kimoja, jiko la makaa, sanduku la nguo, msalaba ukutani. Wakulima wote walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani na kupangwa katika kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki na miba, ng'ambo ya mto, na usiku hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kutoka. Kiwandani walibaki yeye na mlinzi mmoja mzee ambaye alikuwa kiziwi. Jioni Salesio alisikia mto, na mashine ya kumenya kahawa ikizimwa, halafu mto tena.

Mchana watu walikuwepo, lakini hawakuwa wake. Wanawake walishuka kutoka kijijini asubuhi wakisindikizwa na homgadi, askari wa kijiji wa serikali, wakachuma hadi saa nane, kisha wakaleta kahawa kiwandani na kuimwaga juu ya magunia ili kuchagua nyekundu na kuondoa mbichi na zilizoliwa na wadudu. Wengi wao waume zao walikuwa kizuizini. Walizungumza kwa sauti ya chini, na Salesio alipokaribia walinyamaza. Kimeru chake waliweza kukielewa, lakini walimjibu kwa Kiswahili, kama mtu anavyomjibu askari. Alikuwa na karatasi ya uaminifu kwa serikali mfukoni, kwa kuwa bila hiyo asingeajiriwa. Kwao hilo lilitosha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwenye mzani alisimama Njura, mpimaji, mtu mwembamba wa makamo. Njura alipima mzigo wa mkulima, akaondoa uzito wa debe, akaandika kwenye risiti mambo matatu: jumla ya ratili, ratili zilizokatwa kwa ubovu, na ratili safi zilizobaki. Nakala ya risiti ilimfikia Salesio. Yeye aliiandika katika daftari kubwa kwenye namba ya mkulima huyo, na mwisho wa msimu akajumlisha ratili safi na kuzizidisha kwa bei. Msimu ule bei ilikuwa senti arobaini na tano kwa ratili. Kahawa iliyokatwa haikumenywa. Ilianikwa na ganda lake hadi ikakauka na kuwa mbuni, mali ya chama, ya kuuzwa kwa bei ndogo ili kununua magunia na mafuta ya mashine. Mkulima hakulipwa chochote kwa hiyo.

Mnamo Februari Salesio alianza kuandaa orodha ya malipo. Wiki hiyo hiyo akapata barua. Dada yake Karambu alikuwa amemwomba mwalimu wa kwao amwandikie: mama hawezi kula, mguu umevimba, anakutaja. Salesio aliisoma mara mbili, akaiweka chini ya daftari, akaendelea kujumlisha. Asubuhi iliyofuata alimwendea hedimani Bundi kuomba pasi. Bundi, mwanamume mnene mwenye koti la jeshi, alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya chama. Alimsikiliza vizuri, akampa pole.

"Maliza orodha kwanza," alisema. "Watu wakilipwa, nitakuandikia wiki mbili."

Kwa hiyo aliharakisha. Alikuwa amebakiza siku tisa kabla ya mkaguzi wa vyama vya ushirika kuja kutia sahihi, ndipo Wambeti alipokuja dirishani.

Wambeti alikuwa mkulima namba 63. Mumewe alichukuliwa mwaka wa hamsini na nne, na hakuna aliyejua kwa hakika yuko kambi gani. Alifungua fundo la leso na kutoa risiti ishirini na tatu, zote zimenyooshwa vizuri.

"Nisomee, karani."

Salesio alimsomea. Jumla ya msimu ilikuwa ratili elfu moja na thelathini na tano. Zilizokatwa, mia moja arobaini na nane. Safi, mia nane themanini na saba. Malipo yake shilingi mia tatu tisini na tisa na senti kumi na tano.

"Hizo mia na arobaini na nane zilikatwa kwa nini?"

"Kwa ubovu, mama. Mbichi, na zilizooza."

"Mimi huchagua kahawa yangu mara mbili," Wambeti alisema. "Huchagua shambani, nachagua tena hapa kwenye gunia. Njura hajawahi kuniambia mama ondoa hii. Labda mara mbili, tatu, wakati wa mvua. Ratili ishirini labda."

Salesio alifungua daftari kubwa na kulinganisha risiti moja moja. Kila tarehe ilikubaliana. Kila kilichokatwa kilikatwa pia kwenye daftari, na kila kilichobaki kilizidishwa sawasawa.

"Inakubaliana, mama," alisema.

Wambeti alizikunja risiti taratibu. "Sijui kusoma," alisema. "Lakini najua kahawa. Pesa mnaweza kupunguza, ni ninyi mlio na kalamu. Mimi nakataa lile neno mbovu." Akaondoka.

Salesio alijiambia kwamba kila mkulima hulalamika. Akarudi kwenye orodha yake. Lakini sasa jicho lake lilienda kwenye safu ya ubovu badala ya safu ya malipo, na kadiri alivyofunua kurasa ndivyo alivyoona. Wakulima wengi walikatwa ratili chache, mbili hapa, tatu pale. Wengine walikatwa nyingi, mia na zaidi kwa msimu. Aliwahesabu hao. Walikuwa arobaini na mmoja. Alisoma majina moja moja. Wote walikuwa wanawake ambao hawakuwa na mwanamume nyumbani.

Kila mstari wa kurasa zile ulikuwa wa mwandiko wake. Mwisho wa kila siku alikuwa ameweka herufi za jina lake chini ya jumla.

Jumapili hakukuwa na kazi. Salesio alichukua ufunguo wa ghala, akautundika mzani juu ya mti wa dari, akapima mbuni gunia baada ya gunia. Alikuwa peke yake, jasho likimtoka, vumbi la maganda likimwasha shingoni. Daftari lilisema kwamba msimu mzima zilikatwa ratili elfu saba na mia tano. Kila mtu wa kiwanda anajua kwamba ratili tano za kahawa mbivu zikianikwa na ganda lake hubaki ratili mbili tu. Basi ghalani kulipaswa kuwa na ratili elfu tatu za mbuni. Alipata magunia kumi na mawili, ya ratili mia mia. Elfu moja na mia mbili.

Alipima tena gunia la kwanza na la mwisho ili kuhakikisha mzani haudanganyi. Haukudanganya. Mbuni hiyo ilitokana na ratili elfu tatu za kahawa mbovu. Ratili elfu nne na mia tano ziliitwa mbovu lakini hazikuanikwa popote.

Jambo la kwanza alilofikiri ni wizi wa magunia. Akarudi ofisini akaangalia kahawa ya ganda, ile iliyomenywa ikabaki na ganda jembamba la ndani, ikachachushwa na kukaushwa mezani. Kwa ratili safi zote zilizoandikwa, ratili tano hutoa moja ya kahawa ya ganda, na hesabu ya kahawa iliyopelekwa kinuni ilikuwa sawa kabisa. Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua. Hivyo ile elfu nne na mia tano haikupotea. Ilimenywa pamoja na nyingine kwa kuwa ilikuwa nyekundu na nzima, na ilikuwa imeandikwa safi kwa jina la mtu mwingine.

Alimtafuta mtu huyo kwa miti. Chama kilikuwa na orodha ya miche, maana kila mkulima aliruhusiwa idadi fulani tu. Alichukua ratili za kila namba akazigawanya kwa miti yake. Wambeti, miti mia, ratili kumi kwa mti. Mwingine kumi na moja. Mwingine kumi na mbili. Aliendelea hadi taa ikapungua mafuta. Namba 17 alikuwa na miti mia mbili, na msimu huo alikuwa amepeleka ratili elfu sita na mia tisa. Hata kama kila mti wake ungezaa ratili kumi na mbili kama ya jirani yake, zingekuwa elfu mbili na mia nne. Zilizozidi zilikuwa elfu nne na mia tano.

Namba 17 alikuwa Bundi.

Salesio alizima taa akakaa gizani. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Mlinzi hakusikia. Padri alikuwa mbali, na kuandika barua ilikuwa kuipitisha mezani kwa Bundi. Alimkumbuka mama yake na mguu uliovimba. Usiku kucha alijaribu kujishawishi kwamba karani ni mtu wa kunakili tu, na kila alipokaribia kukubali aliona zile herufi za jina lake chini ya kurasa.

Jumanne Bundi mwenyewe alikuja. Labda mlinzi alimwambia kwamba mzani ulitumika Jumapili. Masikio ya kiziwi huyo yalikufa, lakini macho yake yalikuwa mazima. Bundi aliketi kwenye kiti cha wageni, akatoa karatasi mfukoni na kuiweka mezani. Ilikuwa pasi. Jina la Salesio lilikuwepo, Embu hadi Meru, siku kumi na nne. Ilikosa sahihi tu.

"Orodha imeisha?" Bundi aliuliza.

"Bado kidogo, mzee. Kuna mahali hapakubaliani."

"Wapi? Mwaka jana ilikubaliana."

"Karatasi zinakubaliana, mzee. Kahawa ndiyo haikubaliani."

Bundi aliigusa pasi kwa kidole. Hakukasirika. Alisema kwa upole, kama anayemshauri ndugu mdogo, "Salesio, hawa wanawake waume wao walikula kiapo cha waasi. Wanashukuru hata kuachiwa mashamba. Wewe ni mgeni hapa. Nani atakuja kukupa uji ukiugua? Tia sahihi orodha Ijumaa. Jumamosi uko kwa mama yako."

Aliichukua pasi, akairudisha mfukoni, akaondoka.

Ijumaa mkaguzi alifika kwa baiskeli. Aliitwa Mutegi, kijana wa Meru aliyesomea kazi hiyo chuoni Kabete, mkavu wa maneno. Alijumlisha kurasa kumi alizozichagua mwenyewe. Alikagua bei, alikagua malipo, kisha akafunika kalamu.

"Safi," alisema. "Tia sahihi yako hapa, na mimi nitie yangu."

Salesio hakuichukua kalamu. "Siwezi," alisema.

"Kwa nini? Kuna kosa la kujumlisha?"

"Hakuna. Naomba twende ghalani kwanza."

Alimwonyesha mbuni. Alimwonyesha hesabu ya ganda na hesabu ya miti. Mutegi alirudia kila kitu mwenyewe, polepole. Mwisho akauliza, "Unajua namba 17 ni nani?"

"Najua."

"Na wewe ndiye uliyeandika daftari hili."

"Ndiyo. Kama kuna wa kufungwa, jina langu liko kila ukurasa."

Mutegi alimwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu. "Hesabu hii inaonyesha kwamba kuna kitu," alisema. "Haionyeshi ni ratili ngapi za mama gani. Siwezi kumlipa mtu kwa kukisia."

Akamwita Njura. Mpimaji alikuja akifuta mikono kwenye suruali. Alipoona magunia yaliyopangwa na daftari lililofunguliwa palepale, alikaa juu ya debe bila kuambiwa. Hakubishana. Alisema kwamba aliambiwa na Bundi akate kwa namba fulani na kuandika kwa namba 17, na mwanawe alikuwa katika seli za homgadi, na kila alipotaka kukataa aliulizwa kama anataka mtoto arudi nyumbani. Mtoto alirudi. Baada ya hapo hakuweza tena kuacha.

"Ulikumbukaje umehamisha kiasi gani kila siku?" Mutegi aliuliza.

Njura alienda kwenye mzani, akaingiza mkono nyuma ya ubao, akatoa kijitabu cha penseli. Ndani yake kila mzigo uliandikwa kwa uzito wake wa kweli na ubovu wake wa kweli, na pembeni ratili zilizohamishwa. Mtu anayedanganya daftari lazima awe na mahali anapoandika ukweli, la sivyo siku moja jumla itamshinda.

Kwa Wambeti, ubovu wa kweli msimu mzima ulikuwa ratili ishirini.

Hakuna aliyefungwa. Mutegi alipeleka habari makao ya wilaya, na jibu lililorudi lilikuwa la lugha laini: kulikuwa na makosa ya namba, yasahihishwe. Bundi aliondolewa kwenye kamati ya chama, lakini alibaki hedimani, kwa sababu serikali bado ilimhitaji. Njura aliachishwa kazi. Salesio aliambiwa aandike upya kurasa za wakulima arobaini na mmoja, na namba 17. Alifanya hivyo kwa siku nne, kwa wino mwekundu, na kila alipopunguza upande mmoja aliongeza upande wa pili, hadi shilingi elfu mbili na ishirini na tano zikawa zimerudi zilikotoka.

Siku ya malipo wanawake walipanga mstari tangu asubuhi. Salesio alisoma, keshia akahesabu, mkulima akaweka kidole. Hakuna aliyepewa maelezo. Mutegi alikuwa ameagiza hivyo, kwa ajili ya amani. Zamu ya namba 63 ilipofika Salesio alisoma: safi ratili elfu moja na kumi na tano, shilingi mia nne hamsini na sita na senti sabini na tano.

Wambeti hakunyoosha mkono. "Ulinisomea nyingine," alisema.

"Ile ilikuwa na kosa."

Alifikiri. "Kwa hiyo haikuwa mbovu."

"Haikuwa mbovu, mama."

Aliweka kidole kwenye wino, akabonyeza karatasi, akafunga pesa zake katika leso. Hakushukuru, wala Salesio hakutarajia. Kushukuru ofisi wakati ule kulikuwa na hatari yake, na pia ni vigumu kumshukuru mtu kwa kukurudishia kilicho chako.

Pasi haikuja. Salesio aliomba Machi akaambiwa hedimani hayupo. Aliomba tena akaambiwa fomu zimeisha. Mutegi alijaribu kwa njia yake, lakini karatasi ilirudishwa kwa kuwa haikuwa na sahihi ya hedimani wa mahali. Mwezi wa nne barua ya Karambu ilifika ikiwa imefunguliwa na kufungwa tena na mtu mwingine. Ilisema: Mama alikufa siku ya Jumatano. Tulikungoja siku moja, halafu padri akasema tumzike.

Salesio aliiweka barua mezani, na kwa kuwa ilikuwa siku ya kuandikisha mbolea ya chama, alihesabu magunia hadi mchana. Mikono ilifanya kazi vizuri. Alipomaliza hakujua aende wapi. Hapakuwa na nyumba ya kuingia na kusema, mama yangu amekufa. Alimwambia mlinzi, kwa kupiga kelele sikioni, na mzee akaitikia kwa kichwa akidhani ameulizwa kuhusu kuni.

Habari huvuka hata handaki. Siku ya tatu, alasiri, Wambeti alikuja dirishani. Msimu ulikuwa umekwisha, hakuwa na kahawa wala risiti. Alisimama nje, mikono kwenye kizingiti cha dirisha. Salesio aliweka kalamu chini. Mara moja Wambeti alionekana kutaka kuanza, akaacha.

"Alikuwa na watoto wangapi?" aliuliza hatimaye, na kwa mara ya kwanza hakusema kwa Kiswahili. Alisema kwa Kiembu.

"Wawili," Salesio alimjibu kwa Kimeru. "Mimi na dada yangu."

"Pole, karani."

Filimbi ya kurudi kijijini ilipigwa ng'ambo. Wambeti alifunga leso kichwani vizuri akashuka kuelekea mtoni, na Salesio akamtazama hadi homgadi alipofungua lango.

Hakurudi tena kwa maneno kama hayo, na hata katika msimu uliofuata, alipoleta kahawa, alisema tu namba yake na kungoja risiti. Wanawake wengine waliendelea kunyamaza Salesio akipita. Lakini mpimaji mpya alipoanza kazi, kila mmoja wao alimtaka asome uzito kwa sauti mbele yake kabla ya kuandika, na Salesio akaufanya huo kuwa utaratibu wa kiwanda.

Bundi alihamishwa mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na nane, kwa sababu zisizohusu kahawa. Hedimani mpya alitia sahihi pasi ya siku kumi na nne bila hata kuuliza inahusu nini. Salesio alisafiri kwa lori la magunia hadi Meru, akatembea maili sita kwa miguu. Karambu alimpeleka nyuma ya migomba. Kaburi lilikuwa tayari limeota nyasi, na dada yake alikuwa amepanda viazi vitamu karibu nalo, kwa kuwa ardhi ilikuwa haitoshi. Alikaa siku kumi. Kiwanda cha kwao kilikuwa kimefunguliwa, na walikuwa wanatafuta karani. Mwalimu alimwambia jina lake lingekubaliwa mara moja.

Alifikiri juu ya hilo usiku wa mwisho, akiwa amelala katika nyumba ya mama yake, ambamo vitu vyote vilikuwa mahali pengine sasa. Asubuhi alimwachia Karambu shilingi themanini, akamwomba anunue mbuzi, akashika njia ya Embu. Siku zilizobaki kwenye pasi zilikuwa nne. Kule Kariru kahawa ilikuwa imeanza kuiva, na hapakuwa na mtu mwingine wa kufungua daftari.